Ukurasa wa Nne wa Fomu ya Ajali

Jambo zima lilinigharimu elfu tatu. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili nimepata hiyohiyo: elfu tatu, bei ya ukurasa mmoja, niliyokubali kuiachia ili mteja asinyanyuke. Nikijumlisha na ofisi iliyohamisha fotokopi zake zote kutoka kwangu ikazipeleka kwa jirani, na mzee wa watu ambaye sasa anakaa kwenye benchi la dukani kwangu kila asubuhi kama mtu aliyelipia kodi, inakuwa hesabu nyingine, na hiyo bado inanishinda.

Nina steshenari Kiwalani. Chumba kimoja, mlango mmoja: kompyuta, printa, mashine ya fotokopi, na benchi la wateja lililoegemea ukuta. Nachapa, natoa kopi, natafsiri. Kiingereza nilikichukua sekondari, kikapigwa msasa miaka sita nilipokuwa karani wa kampuni ya mizigo. Ndege zikishuka juu ya mabati yetu huwa tunanyamaza, kisha kila mtu anaendelea na sentensi yake pale alipoikatia. Mgeni anadhani tumegombana.

Mzee alikuja Jumanne asubuhi. Nilikuwa namjua kwa sura. Alikuwa msimamizi wa saiti moja ya godauni lililokuwa likijengwa karibu na kwetu, wote wakimwita Foremani, hata mkewe. Kiatu kina zege lililokauka, penseli sikioni, na mkononi karatasi amezikunja kama risiti ya hospitali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kizungu cha ofisi unakiweza?"

"Inategemea ofisi. Na inategemea kurasa."

Akazikunjua. Fomu ya taarifa ya ajali kazini, Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Jana yake, Jumatatu, fundi wake mmoja wa plasta alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa, kama mita tatu hivi, mguu ukavunjika chini ya goti. Kampuni ilitaka fomu ijazwe na msimamizi aliyekuwepo, iwe mezani kwao Jumatano saa sita mchana. Foremani anasoma Kiswahili vizuri, ramani ya jengo anaisoma kuliko mie ninavyosoma gazeti, lakini Kiingereza kwake ni majina ya saruji na rangi.

"Kurasa nne," nikasema. "Elfu tatu tatu, kumi na mbili. Hapo nakusomea, unanijibu, naandika, tunarudia."

"Kumi na mbili? Kwani unaisoma au unaijenga?"

"Kuijenga ningekuachia wewe baba."

Akazigeuzageuza. "Huu wa nyuma hauna pa kujaza. Una nini?"

Nikautazama. Maandishi madogo, yamebanana kama chawa kwenye mshono. "Maelekezo ya kujaza."

"Sasa maelekezo ya kujaza ya nini, na mjazaji ni wewe?"

Nitasema ukweli: nilifurahi. Ule wa nyuma ndio uliokuwa na maneno mengi kuliko kurasa tatu za mbele zote pamoja. Zile tatu zilikuwa visanduku vitupu. Mzee alikuwa ananiomba niache kazi ngumu kwa bei ileile ya kazi nyepesi, na mie nikajifanya kuumia. Nikaguna, nikahesabu kurasa mara ya pili, nikasema haya, tisa, kwa sababu ni wewe. Akalipa. Ukurasa wa nne nikaulaza kifudifudi chini ya kibodi.

Tukaanza. Tarehe, saa, mahali, jina la aliyeumia, kazi aliyokuwa anafanya. Hayo yanakwenda yenyewe. Kisha kikaja kisanduku cha sababu ya papo kwa papo. Nikamwambia, hapa wanataka kile kilichofanya aanguke dakika ileile, basi.

"Jukwaa liliyumba, ubao ukachomoka."

Nikaandika. Chini yake kulikuwa na kisanduku kikubwa, mistari sita, kinauliza chanzo cha msingi. Hapo nikasimama. Si kwamba sikujua maneno. Nilijua kuwa kina tofauti na kile cha juu. Cha juu kinauliza kilichotokea, hiki kinauliza kwa nini kiliweza kutokea. Nikamweleza hivyohivyo, nikajiona mtaalamu.

Foremani akakuna shingo. "Mirunda ya mshazari ilikuwa imetolewa."

Hii ni ile miti inayopigwa kimshazari kwenye jukwaa ili lisicheze. Bila hiyo jukwaa linasimama, lakini linasimama kama mlevi.

"Imetolewa na nani?"

"Iliondolewa kwa matumizi mengine ya saiti. Andika hivyo, inatosha."

Nikaandika. Ikachukua mistari mitatu. Ikabaki mitatu, mitupu, inanitazama.

Mie mstari mtupu siupendi. Halafu kuna jambo la kazi yangu. Kwa miaka yote niliyochapa barua za watu hapa Kiwalani, barua ninayoichapa kuliko zote ni ya kujieleza. Mwalimu kachelewa, mlinzi kasinzia, dereva kakwaruza gari la bosi: wote wanaletewa barua inayosema jieleze, na wote wanakuja kwangu. Na barua ya kujieleza ina mkia wake. Naomba radhi kwa kosa langu na usumbufu wote uliojitokeza, naahidi halitajirudia. Hata kama hukukosa. Hasa kama hukukosa. Bila mkia huo bosi anasema una kiburi. Ule mkia nimeuhifadhi kwenye kompyuta, Kiswahili na Kiingereza, nabonyeza tu.

Ile mistari mitatu niliijaza kwa mkia huo. Kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri. Kisha nikamsomea kwa Kiswahili.

Foremani akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayeonja mchuzi. "Hapo umenipatia. Jana hospitali nilimwambia yule kijana anisamehe. Acha na ofisi nayo iambiwe."

"Si ndiyo uungwana wenyewe baba."

Safu iliyofuata ilikuwa ya marekebisho: nini kifanyike, nani atasimamia, lini. Ile nilimtafsiria sawasawa, kwamba hawamtafuti mkosaji, wanamtafuta atakayerekebisha. Tukaandika jukwaa lirudishiwe mirunda upande ule, atasimamia yeye, siku hiyohiyo. Akasaini. Mie nikagonga muhuri wangu chini: Tafsiri Sahihi. Muhuri huo niliuchongesha Buguruni kwa bei ambayo mchongaji mpaka leo ananinunia.

Jumatatu iliyofuata nilifungua duka nikamkuta ameshakaa nje. Kiatu safi. Nikajua kuna jambo, kwa sababu Foremani hana sababu ya kuwa na kiatu safi Jumatatu.

"Nisomee hii, halafu nichapie ya kujibu. Ile ya siku zote."

Ilikuwa barua ya ofisi, imeandikwa Ijumaa. Kwamba kwenye taarifa yake ya ajali amekiri mwenyewe kuwa chanzo cha msingi ni kosa lake. Kwamba amesimamishwa kazi. Kwamba ajieleze ndani ya siku tatu kwa nini asiachishwe.

Niliisoma mara mbili. Siku nyingine nikisoma mara mbili huwa natafuta pale nilipopunjwa. Siku hiyo nilikuwa natafuta pale niliposema mie, na nikapaona mara zote mbili.

"Andika basi," akasema. "Anza na heri ya kazi. Mwisho weka naomba radhi."

"Baba, usiniambie neno radhi."

"Kwa nini?"

"Ndilo lililokufukuzisha."

Akanitazama, kisha akacheka kidogo, akidhani ni utani. Ndege ikapita. Tukakaa kimya wote wawili, na ilipokwisha kupita hakuna aliyeendelea na sentensi yake.

Hapo akaingia afisa usalama wa kampuni yao. Kijana mpole, shati limechomekewa, huwa anakuja kwangu na faili kubwa la kutolea kopi. Ile ofisi ilikuwa mteja wangu mkubwa. Hata mabango yao ya Kiswahili ya tahadhari saiti, vaa kofia, usipande bila ruhusa, niliyatafsiri mie. Mabango kumi na moja. Alipomwona Foremani kwenye benchi akataka kurudi nyuma, lakini chumba changu ukishaingia umeingia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiyo umekuja kuona nimeshajieleza?"

"Mzee jamani, si mie niliyeandika barua. Mie nilipokea fomu tu." Akanigeukia. "Na nikwambie ukweli dada, nilipoona pale kwenye chanzo cha msingi mtu kaomba radhi, nikashukuru. Kazi imekwisha mapema. Kwenye hatua za kuchukua nikaweka: msimamizi aonywe, abadilishwe. Faili limenyooka."

"Na jukwaa?"

"Lile lililomdondosha? Limerudishiwa miti, ndivyo alivyoandika."

"Ila hukushangaa mtu kuomba radhi kwenye fomu?"

"Nilishangaa. Maana ukurasa wa nne unakataza."

Nikanyanyua kibodi. Ukurasa wa nne ulikuwa palepale, kifudifudi, na vumbi la wiki. Nikausoma kwa sauti, nikitafsiri bure kile nilichokiacha kwa elfu tatu. Ulisema kwenye chanzo cha msingi usiandike jina la mtu, wala lawama, wala kuomba msamaha. Uliza kwa nini, jibu, uliza tena kwa nini juu ya jibu hilo, mara tano au zaidi, mpaka ufike kwenye kitu ambacho uongozi unaweza kukibadilisha: utaratibu, vifaa, mafunzo, ratiba. Ukiishia kwa mtu, hujafika. Ulisema fomu ikishapokelewa haifutwi hata nukta, lakini mtoa taarifa anaweza kuambatanisha maelezo ya nyongeza, yenye sahihi na tarehe, ndani ya siku saba. Na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote: mkalimani asaini tamko kuwa majibu ni ya mtoa taarifa mwenyewe, na hakuongeza wala kupunguza.

"Siku saba zinaisha lini?" nikauliza, ingawa nilishahesabu.

"Keshokutwa. Jumatano."

Foremani akauvuta ukurasa, akautazama. Kisha akaniuliza, polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu alichokwishanunua: "Hii yote ilikuwa kwenye ule ukurasa niliokwambia utoe?"

"Na mie nikakubali kuutoa."

"Tisa badala ya kumi na mbili."

"Tisa badala ya kumi na mbili."

Afisa usalama akachukua kopi zake. Mlangoni akasimama akanipunguzia sauti. "Dada, nyongeza mzee ana haki nayo, ailete tu. Lakini lile tamko la mkalimani ulifikirie. Ukisema ile sentensi uliiongeza wewe, pale ofisini watauliza na mengine uliyowatafsiria, uliongeza nini. Mie nakwambia kama mdogo wako."

Akaondoka. Nikabaki na mzee na ukurasa.

Nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Nikachukua karatasi nyeupe. "Tunaanza upya. Mie nauliza kwa nini, wewe unajibu. Hakuna nani. Ukisema nani nakata."

"Uliza."

"Kwa nini fundi alianguka?"

"Jukwaa liliyumba."

"Kwa nini liliyumba?"

"Si nilishakwambia, mirunda ya mshazari haikuwepo."

"Kwa nini haikuwepo?"

"Tuliichukua Jumamosi kushikilia slabu, dari la zege la zile ofisi za mbele. Mirunda ya slabu ilipungua."

"Kwa nini ilipungua?"

Akavua kofia, akaiweka gotini. "Niliomba mia na ishirini. Ikaja themanini."

Arobaini pungufu. Nikaandika. "Sasa kwa nini slabu isingojee arobaini?"

"Zege lilishaagizwa. Gari la zege likishapangwa, ukilirudisha unalilipia. Nikampigia injinia wetu, nikamwambia miti haitoshi. Akasema tumia iliyopo, zege linakuja. Sasa iliyopo ni ipi? Iliyopo ni ile iliyoko kwenye majukwaa."

"Na kwa nini hakuna wa kusimamisha?"

"Msimamizi wa saiti akisimamisha zege, mwanangu, huyo ameshajisimamisha mwenyewe."

Tano zilishatimia. Ila kuna moja iliyokuwa inanikereketa, na karatasi ilisema tano au zaidi.

"Kwa nini wapiga plasta hawakuambiwa?"

Akaigeuzageuza kofia gotini. Mashine ya fotokopi ilikuwa inapoa, inatoa ule mlio wake wa kuugua. Nikangoja. Mie najua kungojea, nimengoja wauza vitenge wa Buguruni mpaka wakanipa bei kwa kuchoka.

"Nilisahau," akasema. "Jumapili hatukufanya kazi. Jumatatu alfajiri akili yangu yote iko kwenye slabu, kama imeshika vizuri. Wao wakaja, wakapanda. Hakuna pa kuandika kwamba jukwaa limeguswa. Hakuna anayelikagua kabla mtu hajapanda. Tunaambiana mdomoni. Siku hiyo mdomo ulisahau."

"Hapo ndipo," nikamwambia. "Hicho ndicho wanachokitaka. Hakuna utaratibu wa kulikagua jukwaa likishaguswa, na hakuna mwenye ruhusa ya kusimamisha kazi vifaa vikipungua. Hayo hayana jina la mtu."

Nikaanza kuandika, na kwa tabia yangu nikarudia hesabu. Arobaini ilipungua. "Kwenye lile jukwaa alilodondoka mlitoa mingapi?"

"Kumi na sita."

"Na mingine ishirini na nne?"

Foremani akainuka. Nimemwona mzee yule akibeba mfuko wa saruji bila kubadilika uso, lakini pale uso ulimbadilika. "Upande wa nyuma," akasema. "Kule hatukuwa tumeanza plasta. Walikuwa waanze leo."

Fomu iliuliza juu ya jukwaa lililoangusha mtu. Hakuna kisanduku kilichouliza juu ya jukwaa lingine. Na aliyejua kuhusu jukwaa lingine alikuwa amekaa kwenye benchi langu na kiatu safi, kwa sababu aliomba radhi.

Akapiga simu kwa kiongozi wa wapiga plasta. Niliisikia sauti ya upande wa pili, maana simu yake ni ya wazee, inasikika mtaa mzima.

"Foremani! Si wamesema umepumzishwa?"

"Mko wapi?"

"Nyuma huku, tumeshapanda, tuna karai la pili."

"Shukeni."

"Tushuke kwani wewe ndo..."

"Shuka wewe mpumbavu! Shuka na wenzio, mmoja mmoja, msikimbie, jukwaa halina mshazari! Tazama ubavuni kwako, unauona?"

Nikasikia karai likitua. Kisha kwa mbali: "Mama yangu." Kisha vishindo vya watu wanaoshuka taratibu kuliko walivyopanda.

Akakaa.  Nikamletea maji. Akayanywa yote.

Nilidhani baada ya hapo atasaini haraka. Wapi. Jumanne nzima tulibishana juu ya mstari mmoja, ule wa mia na ishirini na themanini.

"Toa hiyo. Acha za utaratibu na ukaguzi. Hizo hazimgusi mtu."

"Ukiitoa, mnyororo unakatika. Watauliza kwa nini mlilibomoa jukwaa, jibu litakuwa nini? Mlikuwa mnacheza?"

"Aliyeniletea themanini ni injinia. Miaka kumi na mmoja, saiti ikiisha, ya mbele ananiita yeye. Si kampuni, ni yeye. Unajua maana yake?"

"Jina lake halipo."

"Arobaini ni jina lake! Kila mtu pale anajua nani anapitisha oda."

"Basi saini kama ilivyokuwa, uwe mkosaji wewe, ufukuzwe kwa heshima."

"Usinijibu hivyo, mie si mwenzio."

"Nisamehe baba."

"Na wewe usiniombe radhi!"

Tukacheka, wote wawili, kicheko kibaya. Ukweli ni kwamba alikuwa amebanwa. Asiposaini nyongeza, anaachishwa. Akisaini, anarudi kwenye saiti hii na kuipoteza ijayo. Mie nami hivyohivyo: tamko nisiposaini, nyongeza yake inabaki ya mtu anayejikana baada ya kubanwa. Nikisaini, muhuri wangu wa Tafsiri Sahihi nautupa kwenye pipa mwenyewe. Nilipiga hesabu ya ofisi ile, kopi zao za mwezi, nikapiga tena, nikatamani mara ya pili itoke ndogo. Haikutoka.

Kilichomsainisha ni simu. Kiongozi wa wapiga plasta alimpigia jioni, akamwambia wamehesabu mapengo ya nyuma: ishirini na nne kamili. "Umetushusha, Foremani. Watoto wanakusalimia." Alipoweka simu akachukua kalamu yangu bila kuniomba, akasaini nyongeza, akairusha mezani.

Nami nikachukua tamko. Nikaandika kuwa majibu yote ni ya mtoa taarifa, isipokuwa sentensi ya kuomba radhi, ambayo niliiongeza mimi mtafsiri kwa mazoea ya barua, akaikubali bila kuelezwa kwamba fomu inaikataza, kwa kuwa ukurasa wa maelekezo sikumsomea. Nikasaini. Mkono ulikuwa mzito kama natoa pesa.

Jumatano saa tatu tulizipeleka wote wawili.

Ofisi ilifuta barua. Foremani akarudi kazini Jumatatu. Saiti zao sasa kila jukwaa lina kadi imefungwa kwa waya, ya kuandika nani kakagua na lini, na likiguswa kadi inatolewa na hapandi mtu. Kadi hizo ni nzuri. Najua kwa sababu nimeziona zikichapwa kwa jirani yangu, maana wiki hiyohiyo afisa usalama alinijia bila faili, akasema wakubwa wameamua, akaninunulia soda. Yale mabango yangu kumi na moja waliyatoa wakayatafsirisha upya. Nimeyasoma. Maneno ni yaleyale.

Yule fundi wa plasta mguu umeunga. Malipo yake hayakungoja ugomvi wetu, taarifa ya kuumia ilishakwenda kwa wanaohusika na fidia tangu mwanzo.

Godauni likaisha. Injinia akaanza kazi nyingine upande wa Pugu, kubwa kuliko ile, akamchukua msimamizi mwingine. Foremani hakupigiwa simu. Alingoja wiki, akangoja mwezi, kisha akaanza kungojea dukani kwangu, kwa sababu nyumbani mkewe anamuuliza maswali. Anafika kabla yangu. Ananisaidia kufungua mlango, anawapanga wateja, anawaambia wasikubali bei ya kwanza. Hajanilaumu hata siku moja, na bora angenilaumu, lawama ningejibizana nayo.

Wiki iliyopita akasubiri wateja waishe. Akasogea mwisho wa benchi, karibu na meza.

"Mwanangu, Jumapili nataka kwenda kwa injinia nyumbani, kumsalimia. Nataka twende wote."

"Nikafanye nini mie huko?"

"Umwambie ile ya mia na ishirini niliisema kwa mazungumzo tu. Kwamba wewe ndiye uliyeitia kwenye karatasi, kama ulivyoitia ile ya radhi. Mie Kizungu sijui, nikasaini. Ataamini. Si uliandika mwenyewe kwamba huwa unaongeza?"

Nikasema, baba, huo ni uongo. Akasema anajua. Akasema nyongeza iko kwenye faili, kadi ziko kwenye majukwaa, hakuna kitakachobadilika kule isipokuwa simu yake kulia. "Mie nilikuachia ukurasa," akasema. "Wewe niachie mstari."

Nimehesabu mara mbili. Nikienda, anapata kazi aliyoipoteza kwa kosa langu, na injinia anarudi kuamini kwamba arobaini ile haikuwa na maana, ni maneno ya mwanamke wa steshenari, na safari nyingine atasema tena tumia iliyopo. Nisipoenda, mzee yuko hapa kesho asubuhi, na keshokutwa, ananifungulia mlango. Jibu la kwanza linatoka hivi, la pili linatoka vile. Leo ni Alhamisi, na ananitazama ninavyoandika haya, anadhani nachapa barua ya mtu.

Nyie mliosoma mpaka hapa, nishaurini: Jumapili niende, au nisiende?